Je, wajua kwa nini kipimo cha malaria humwona mdudu aliyekufa na kumkosa aliye hai?

"Mwanangu alimaliza dozi ya malaria wiki mbili zilizopita na anacheza vizuri tu. Jana alishikwa na mafua, wakampima tena, kipimo kikatoa mistari miwili. Ina maana dawa imeshindwa? Na mbona nasikia kuna wanaoumwa malaria kweli halafu kipimo kinasema hawana?"

Kwa sababu kile kipimo hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, na protini hiyo ina tabia zake: huchelewa kuondoka mdudu akishakufa, na wapo wadudu ambao hawaitengenezi kabisa.

Protini yenyewe inaitwa HRP2. Kirefu chake ni protini yenye histidini kwa wingi, na histidini ni moja ya asidi amino zinazounda protini. Hutengenezwa na kimelea cha falsiparamu peke yake, yule wa malaria kali, ndiyo maana kwenye vipimo vingi utaona herufi Pf. Aina nyingine kama vivaksi haina protini hii. Kimelea huitengeneza akiwa ndani ya chembe nyekundu, huimwaga humo humo, na chembe ikipasuka protini husambaa kwenye majimaji ya damu. Ni nyingi, na imejaa vipande vinavyojirudia kama shanga za rangi moja. Kila kirudio ni mahali pa kingamwili kushika, kwa hiyo molekuli moja hushikwa na kingamwili nyingi kwa mpigo. Hapo ndipo kipimo hiki kinapopata ukali wake: vingi hugundua vimelea wapatao 200 katika mikrolita moja ya damu, na hata pungufu ya hapo.

Tazama kinachotokea ndani ya kile kijisanduku cha plastiki. Tone dogo la damu, kwa kawaida mikrolita 5, linawekwa kwenye tundu lake, kisha matone ya bafa, yale majimaji maalumu ya kipimo, kwenye tundu la pili. Chembe nyekundu zinapasuka, majimaji yanapanda kwenye kikanda na njiani yanazoa kingamwili zilizogandishwa kwenye chembechembe ndogo mno za dhahabu. Naam, ile rangi ya zambarau unayoiona ni dhahabu. Kama kuna HRP2, dhahabu inaishikilia, na zote mbili zinanaswa kwenye mstari T, ule wa majibu, ambako kingamwili nyingine zinasubiri. Dhahabu iliyobaki inasonga mbele hadi mstari C. Watu huuamini sana mstari C, lakini unachothibitisha ni kwamba majimaji yamepita na dhahabu imefika. Hausemi kama damu ilitosha, na hata ukisahau kuweka damu kabisa unaweza kutokea.

Sasa turudi kwa mtoto. Dawa mseto ikifanya kazi, ndani ya siku 2 au 3 hadubini haimwoni tena kimelea hai. Protini haiendi kwa kasi hiyo. Iliyoko kwenye majimaji ya damu hupungua taratibu, halafu ipo ghala nyingine ambayo wengi hawaifahamu, nayo ni chembe nyekundu zenyewe. Dawa za jamii ya atemisinini huua vimelea wakiwa bado wachanga ndani ya chembe. Damu ikipita kwenye bandama, bandama humng'oa kimelea aliyekufa na kuiachia chembe iendelee na safari, kama mtu anayetoa mbegu ya tunda bila kulipasua. Chembe hiyo inarudi mwilini haina mdudu, ila masalia ya HRP2 bado yamo, na inaweza kuishi siku nyingi baada ya hapo. Kila unapomchoma kidole mtoto unachota na chembe za namna hiyo, bafa inazipasua, na mstari T unawaka.

Muda wa kuwaka hutegemea ulianzia wapi. Tufanye hesabu ya mfano tu: tuseme protini inapungua nusu kila siku 4. Mtoto aliyeanza na protini mara 4 ya kile kiwango cha chini kipimo kinachoweza kuona, atafika chini yake baada ya kupungua nusu mara 2, yaani siku 8. Aliyeanza na mara 128 anahitaji kupungua nusu mara 7, ambazo ni siku 28. Wote wawili wamepona siku zilezile, kwa dawa ileile. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha sura hiyohiyo: siku 15 hivi baada ya matibabu, karibu nusu ya waliotibiwa bado huonyesha malaria kwenye vipimo vya HRP2, wengine huendelea hadi mwezi na kupita. Watoto, na walioanza na vimelea wengi, ndio hukawia zaidi.

Kwa hiyo mistari miwili ya jana haisemi dawa imeshindwa. Wala haisemi imefaulu, na hapa watu huteleza kwa upande wa pili. Katika wiki hizi mtoto anaweza pia kuwa ameumwa na mbu mwingine na kupata malaria mpya, au ile ya kwanza ikawa imerudi, na kipimo cha HRP2 hakiwezi kutofautisha. Anayeweza ni mtu wa hadubini, ambaye huangalia kama kuna vimelea hai na kuwahesabu. Naye awe makini: vimelea wa uzazi, wale wenye umbo la ndizi ambao mbu huwachukua, hukaa kwenye damu muda mrefu baada ya dawa, na kuwaona hao peke yao hakumaanishi matibabu yameshindikana. Njia nyingine ni kipimo cha haraka kinachotafuta pLDH, kimeng'enya ambacho kimelea hai hukitumia kujipatia nishati. Kimelea akifa nacho hutoweka upesi, mara nyingi ndani ya siku chache.

Mimi kinachonitisha kwenye kisa hiki ni homa kupewa jina la malaria mara ya pili kwa sababu ya mstari wa zamani. Mtoto anapewa dozi nyingine huku nimonia yake ikiendelea bila mtu kuigusa. Homa ndani ya mwezi mmoja baada ya dozi inataka mtoto arudishwe kituoni, na wa kwanza kuambiwa tarehe ya dozi ile awe mpimaji, kabla hajafungua pakiti.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulishtukia, kwa kuwa kipimo kisichoonyesha kitu hakimshangazi mtu. Jeni inayotengeneza HRP2 huandikwa pfhrp2, nayo iko karibu na ncha ya kromosomu ya 8 ya kimelea. Ncha za kromosomu hukatika na kupotea kirahisi. Kimelea aliyepoteza kipande hicho anaishi, anazaana, na anaumiza watu. Maabara zimemfahamu siku nyingi: aina moja inayofugwa huko, Dd2, haina jeni hiyo. Mwaka 2010 ndipo iliporipotiwa kwamba vimelea wa namna hiyo wamo kwa wagonjwa, katika eneo la Amazoni nchini Peru. Kuna pia jeni dada, pfhrp3, kwenye kromosomu ya 13, ambayo protini yake inafanana vya kutosha kunaswa na kingamwili zilezile. Ndiyo maana kimelea aliyepoteza pfhrp2 pekee anaweza bado kunaswa na kipimo endapo vimelea ni wengi sana. Akipoteza zote mbili, kipimo kimekuwa kipofu.

Hayo ndiyo yaliyotokea Eritrea. Wagonjwa walikuwa na falsiparamu wazi kabisa kwenye hadubini, huku kipimo cha haraka kikitoa mstari mmoja. Jambo kama hilo likitokea, wa kwanza kushukiwa ni kipimo: huenda kimepigwa joto ghalani, muda umeisha, au mpimaji amekosea matone. Ni shaka ya haki, kwa sababu mara nyingi huwa ndiyo sababu. Pia vimelea wakiwa wachache mno hawaonekani, na mara chache wakiwa wengi kupita kiasi protini huzifurikia kingamwili hadi mstari unafifia. Damu ikichanganywa na maji ya chumvi mara 10, unarudi. Lakini kama vipimo vya toleo jingine navyo vinatoa jibu lilelile, na vimelea kwenye slaidi si haba, inabidi kwenda kwenye vinasaba. Hapo hutafutwa kwanza jeni nyingine za falsiparamu, ili kuhakikisha sampuli ina vinasaba vya kutosha. Zikionekana hizo na pfhrp2 isionekane, ndipo unaweza kusema imekatika. Ukiruka hatua hiyo, sampuli iliyoharibika itakudanganya kwamba ni kimelea kisicho na jeni.

Sampuli za mwaka 2016 kutoka hospitali mbili za Eritrea ziligusa wagonjwa 50. Ghinda, 21 kati ya 26 walikuwa na vimelea wasio na pfhrp2. Masawa walikuwa 10 kati ya 24. Jeni dada ilikosekana kwa 46 kati ya wote 50. Nchi ikaachana na vipimo vinavyotegemea HRP2. Nchini Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka maeneo ya mipakani ulikadiria kwamba karibu asilimia 10 ya maambukizi ya falsiparamu yalipita mbele ya kipimo bila kuonekana.

Kuongezeka kwa vimelea hao wasio na jeni kuna mkono wetu ndani yake. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Ushauri ni mzuri, ila penye kipimo cha HRP2 pekee, mwenye kimelea wa kawaida anatibiwa, na mwenye kimelea asiye na jeni anaambiwa huna malaria, anarudi nyumbani, mbu wanamuuma. Kila mzunguko unamnufaisha yule asiyeonekana.

Basi kwa nini tusihamie kwenye pLDH kila mahali? Kwa sababu vingi vya vipimo hivyo si vikali kama vya HRP2, na huathirika zaidi na joto. Shirika hilo limeweka mpaka wa asilimia 5: vimelea wasio na jeni wakisababisha majibu ya uongo kwa zaidi ya wagonjwa 5 kati ya 100 wa falsiparamu, ndipo nchi ibadilishe. Chini ya hapo, kipimo kisicho kikali kingekosa wagonjwa wengi kuliko wanaokoswa kwa ajili ya jeni.

Kwa hiyo jibu la swali lako limo kwenye pakiti ya kile kipimo cha jana. Kama imeandikwa HRP2 peke yake, mistari miwili siku ya 14 inaweza kuwa ni malaria ileile aliyokwisha pona. Kama kipimo kina pia mstari wa pLDH, na huo nao umewaka, mrudishe mtoto leo akaangaliwe kwa hadubini.