Urudufu nusu-hifadhi wa DNA: kwa nini kizazi cha kwanza hakikutosha

DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana. Seli inapogawanyika, kila seli changa hupata nakala yake, na swali la miaka ya 1950 lilikuwa jepesi kuuliza: nyuzi za zamani huenda wapi? Huenda hubaki pamoja na nakala mpya kabisa ikatengenezwa pembeni (hifadhi kamili). Huenda huachana, kila mmoja ukajengewa mwenzake mpya (nusu-hifadhi). Au hukatwa vipande, vya zamani na vipya vikachanganyika katika kila uzi (mtawanyiko).

Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl, wakiwa Taasisi ya Teknolojia ya California, walichapisha jibu. Waliwakuza bakteria wa E. coli kwa vizazi vingi katika chakula chenye naitrojeni-15 pekee, mpaka karibu DNA yao yote ikawa nayo. Naitrojeni hii ina nyutroni moja zaidi ya ile ya kawaida, naitrojeni-14. Haitoi mionzi, jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea kwenye mtihani. Alama yake ni uzito tu. Kisha bakteria wakahamishiwa kwenye naitrojeni-14, hivyo kila uzi uliojengwa kuanzia hapo ukawa mwepesi.

Ugumu ulikuwa kuzitenganisha. DNA nzito na nyepesi hupishana kwa takriban gramu 0.014 tu kwa sentimita moja ya ujazo. Walichanganya DNA na maji yenye kloridi ya sesiamu nyingi, wakaizungusha kwenye mashine kwa zaidi ya mizunguko 44,000 kwa dakika, kwa saa 20 hivi. Chumvi hiyo husukumwa kuelekea chini, na mmumunyo huwa mzito zaidi kadiri unavyoshuka. DNA haizami mpaka mwisho. Husimama pale densiti yake inapolingana na ya mmumunyo unaoizunguka, ikafanya mstari mwembamba. DNA hufyonza mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo mistari hiyo ilipigwa picha, na ukolevu wa kila mstari ukaonyesha kiasi cha DNA kilichopo.

Baada ya kizazi kimoja ulionekana mstari mmoja, katikati kabisa ya nzito na nyepesi. Hifadhi kamili ikaanguka papo hapo, maana ingetoa mistari miwili, mmoja mzito na mmoja mwepesi, bila kitu katikati.

Wengi hufunga daftari hapa, na ndipo wanapoteleza. Mtawanyiko nao ungetoa mstari huohuo wa katikati: DNA iliyochanganyika nusu kwa nusu ina densiti ileile, iwe nusu nzito ni uzi mzima au vipande mia. Kizazi cha kwanza hakiwezi kuamua kati ya hizo mbili.

Hesabu molekuli moja yenye nyuzi mbili nzito. Kwa nusu-hifadhi, kizazi cha kwanza kina molekuli mbili, kila moja ikiwa na uzi mmoja mzito na mmoja mwepesi. Cha pili kina nne: mbili chotara, mbili nyepesi tupu. Cha tatu kina nane, na chotara bado ni mbili, kwa sababu nyuzi nzito za mwanzo hazikuongezeka wala hazikupotea. Mtawanyiko ungetoa kitu kingine: katika kizazi cha pili molekuli zote nne zingekuwa na robo ya uzito wa zamani, na mstari mmoja ungejongea kuelekea upande mwepesi. Picha za kizazi cha pili zilionyesha mistari miwili, chotara na nyepesi, inayokaribia kulingana kwa ukolevu. Mstari wa chotara haukujongea. Ulififia tu kadiri vizazi vilivyoongezeka.

Ukiona mstari mzito pamoja na wa chotara kwenye picha moja, usishtuke. Bakteria hawagawanyiki wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa kabla ya kizazi kutimia huwa na DNA nzito ambayo bado haijarudufiwa, sambamba na chotara. Angalia kwanza muda wa sampuli, ndipo usome picha.

Kulikuwa na jaribio jingine, ambalo mimi naliona zuri kuliko yote ingawa halisimuliwi sana. Walichukua DNA chotara wakaipasha moto kwenye nyuzijoto 100 hivi, joto linaloachanisha nyuzi zake, kisha wakaizungusha tena. Nyuzi zenye mchanganyiko wa vipande zingebaki na densiti moja ya kati. Badala yake chotara iligawanyika katika makundi mawili, moja likisimama pale inaposimama DNA nzito iliyopashwa moto, na jingine pale inaposimama nyepesi iliyopashwa vilevile.