Unahama benki? Waambie wateja bila kuwapa matapeli mwanya

*"Nina nyumba ya wageni hapa Malindi na mwezi wa tano nahamia benki nyengine. Wateja wangu wengi ni maajenti wa Nairobi na Waitaliano wanaotuma dipositi. Niwaambie vipi nimebadilisha akaunti bila mtu kuja kuwaibia kwa jina langu?"*

Barua watumie, lakini ndani yake usiweke namba mpya ya akaunti. Namba waipate kwa simu, na wao ndio wapige, tena wapige ile namba yako waliyokuwa nayo tangu zamani, sio namba iliyoandikwa kwenye hiyo barua.

Najua inaonekana usumbufu, kwa hivyo hebu tuangalie huu wizi unavyofanyika. Tapeli anapata paswadi ya imeili, yako ama ya ajenti wako, mara nyingi kwa linki ya uongo inayokwambia ingia tena. Akishaingia hagusi kitu. Anakaa anasoma tu, anajua nani anadaiwa, ni pesa ngapi, zinalipwa lini, wewe unamwita mteja "Bwana" ama unamwita kwa jina lake la kwanza, hata zile salamu zako za mwisho anazijua. Siku invoisi inatoka ndio anaamka, anaandika "samahani, akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, naomba mtumie hii." Wakati mwengine anaituma kutoka kwa imeili yako yenyewe, wakati mwengine amefungua anwani inayofanana na yako, r na n zimebanana ukiangalia haraka kwenye simu unaona m.

Sasa soma tena barua yake halafu soma ile uliyotaka kuituma wewe. Ni barua moja. Mteja hana njia ya kuzitofautisha, na wewe ukimtumia namba mpya kwa imeili na akalipa na mambo yakaenda sawa, umeshamzoesha kwamba namba zikibadilika kwa imeili ni kawaida.

Chukua ajenti wa Nairobi anayedaiwa 180,000 za kundi la Agosti. Jumatatu umemtumia barua yenye namba mpya. Jumanne anapata nyengine, nembo ni ile ile, maneno ni yale yale: "Samahani, ile ya jana ilikuwa na makosa, sahihi ni hii." Atalipa hii ya pili, kwa sababu inaonekana ndio marekebisho. Lakini kama barua yako ya Jumatatu haikuwa na namba yoyote, na ilisema wazi kwamba hakuna namba itakayokuja kwa maandishi, basi hiyo ya Jumanne inajishtaki yenyewe. Barua yako iwe hivi:

*"Kuanzia mwezi wa tano tutapokea malipo kwenye benki nyengine, hapa hapa Kenya, kwa jina lile lile la biashara. Namba ya akaunti hatuiandiki hapa na hatutaituma kwa imeili wala WhatsApp. Ukiwa tayari kulipa, tupigie kwa namba ya simu iliyoko kwenye invoisi zako za zamani, tutakusomea. Hakuna haraka, akaunti ya zamani itabaki wazi hadi mwisho wa mwezi wa nane. Ukipata ujumbe wowote wenye namba ya akaunti, hata kama umetoka kwetu, usilipe kwanza, tupigie."*

Hilo la "hakuna haraka" nimeliweka makusudi. Tapeli lazima amkimbize mteja, ati chumba kitapewa mtu mwengine, ati leo ndio mwisho. Wewe ukiacha akaunti mbili zikae pamoja miezi mitatu hivi, mteja anapata nafasi ya kupumua na kuuliza. Na mwezi wa tano kwa kweli umechagua vizuri, mvua inanyesha, wageni ni wachache, invoisi zinazosubiri kulipwa ni chache, ungefanya hivi Desemba mji umejaa ingekuwa balaa.

Ajenti akipiga, msomee jina la akaunti, benki, tawi, namba, halafu yeye akusomee. Mwambie atume kwanza pesa kidogo, kiasi anachokijua yeye tu, tuseme 137, halafu akupigie akuulize imeingia ngapi. Ukimwambia 137, atume iliyobaki. Lakini angalia hapa, watu wengi wanaumia hapa: hiyo pesa ya kujaribu haina maana kama mnathibitishiana kwa imeili, kwa sababu ikiingia kwa akaunti ya tapeli na yeye ataiona 137 na atajibu vizuri sana. Kinga yenyewe ni ile simu kwa namba ya zamani. Na simu ikitoka upande wa pili, mtu anampigia ajenti anasema ni wewe, isihesabiwe hata kama sauti ni yako kabisa. Akate, apige yeye.

Mteja atakwambia, si benki itaona jina halilingani iirudishe? Asitegemee hilo. Uhamisho wa benki mara nyingi unafuata namba ya akaunti, jina linaweza kupita bila mtu kuliangalia. Hata akilipa kwa paybill ya benki, kwenye simu anaona jina la benki, jina la mwenye akaunti huenda asilione kabisa. Na Waitaliano wako wanaweza kuwa wamezoea benki za kwao, ambazo tangu Oktoba 2025 zinalinganisha jina na akaunti kabla ya kutuma euro, lakini hiyo ni kwa malipo ya euro ya huko kwao Ulaya, pesa inayokuja Malindi haimo. Kitu kimoja wanachoweza kukiangalia wenyewe ni hiki: Kenya hatutumii IBAN, ile namba ndefu ya akaunti inayotumiwa na benki za Ulaya. Akiletewa IBAN, hiyo akaunti haiko Kenya. Na kwenye SWIFT code, yaani zile herufi za kuitambulisha benki kimataifa, herufi ya tano na ya sita ziwe KE. Ila KE inaonyesha nchi tu, tapeli naye anaweza kuwa na akaunti hapa hapa, kwa hivyo simu iko pale pale.

Kabla hujatuma barua hata moja, safisha imeili yako. Kama ni Gmail, fungua kwenye kompyuta, ingia Settings, uangalie "Forwarding and POP/IMAP" na "Filters and Blocked Addresses". Ukiona anwani usiyoijua inapokea barua zako, ama kuna kanuni inayofuta barua za ajenti fulani, kuna mtu ndani. Ndio mbinu yao hiyo, mteja anauliza "ni wewe kweli?" na swali linaenda kwenye takataka hulioni, anayejibu ni tapeli. Futa hiyo kanuni, badilisha paswadi, washa 2-Step Verification ili paswadi peke yake isitoshe kuingia, halafu ndio uanze kutuma.

Na ikitokea mteja ameshatuma pesa kwa namba ya uongo, aipigie benki yake saa hiyo hiyo, kabla hata hajamaliza kukuelezea wewe. Malipo ya RTGS, yale ya moja kwa moja kutoka benki hadi benki, yakishaingia, benki yake haiwezi kuyavuta tu, inabidi iombe benki iliyopokea iyazuie, na hiyo inasaidia kama pesa bado zipo, maana matapeli huzitoa haraka sana. Baadaye mripoti DCI nyote wawili, na zile imeili msizifute.