Barua rasmi inavyosomwa masjala

Mtu anapoandika barua ya kiofisi humfikiria Mkurugenzi au Katibu Mkuu akiisoma. Kabla ya huyo mkubwa kuna mtu mwingine anayeisoma, naye ni mtunza kumbukumbu wa masjala. Hiyo ndiyo kazi yangu. Barua ikifika mezani kwangu huigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, huiingiza kwenye rejesta, kisha huitafutia jalada lake ili ipelekwe kwa mhusika ikiwa ndani ya jalada hilo, pamoja na barua zote zilizotangulia. Mpangilio wa barua rasmi tuliofundishwa shuleni umejengwa juu ya safari hiyo, na ukiijua safari, mpangilio wenyewe hauhitaji kukaririwa.

Nitumie mfano wa kawaida wa huku kwetu Tanzania: mwalimu mkuu wa shule ya msingi anamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri. Namba na majina nimeviweka kwa ajili ya mfano tu.

SHULE YA MSINGI ………
S.L.P. ………

Kumb. Na. SM/M.3/17
14 Machi, 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ………,
S.L.P. ………,
………

K.K. Afisa Elimu Kata,
Kata ya ………

YAH: OMBI LA MATENGENEZO YA MATUNDU 4 YA VYOO VYA WASICHANA

Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. HW/E.10/4/62 ya tarehe 3 Machi, 2025 iliyozitaka shule kuwasilisha mahitaji ya matengenezo ya majengo.

2. Shule ina wasichana 160 na matundu 8 ya vyoo vyao. Matundu 4 kati ya hayo yamebomoka kuta kutokana na mvua, hivyo tundu moja sasa linatumiwa na wasichana 40 badala ya 20.

3. Kwa barua hii naomba matundu hayo yafanyiwe matengenezo. Makadirio ya gharama yameambatishwa.

Naomba kuwasilisha.

(Sahihi)
(Jina)
MWALIMU MKUU

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule – kwa taarifa.

Tuanze na kumbukumbu namba, maana hapo ndipo watu wengi hujaza herufi na tarakimu za kupamba. Kila ofisi ina utaratibu wake wa kuyapa majalada namba, lakini wazo ni lile lile. Katika HW/E.10/4/62, herufi za mwanzo zinaitaja ofisi, E.10/4 ni jalada lenyewe, na 62 ni folio, yaani namba ya barua hiyo ndani ya jalada. Barua itakayofuata humo itakuwa 63. Ndiyo maana mwalimu mkuu anapoitaja kumbukumbu ya Halmashauri katika aya ya kwanza, mimi natoa jalada E.10/4 kwenye kabati moja kwa moja, nafungua folio 62, na ombi lake linamfikia mhusika likiwa sambamba na waraka uliolizaa. Asipoitaja, nalazimika kukisia kwa kusoma kichwa cha habari. Nikikisia vibaya, barua inalala kwenye jalada la mitihani huku anayeshughulikia majengo akisema shule hiyo haijajibu.

Angalia pia kwamba kuna namba mbili. Ile ya juu, SM/M.3/17, ni ya mwandishi, na ndiyo Halmashauri itakayoitaja ikijibu. Ile iliyo ndani ya aya ni ya anayeandikiwa. Dalili ya mtu aliyezichanganya ni barua inayokuja na namba yetu wenyewe kwenye nafasi ya kumbukumbu ya mwandishi. Raia anayeandika barua yake binafsi hana jalada, kwa hiyo hahitaji kubuni namba. Tarehe inamtosha, pamoja na kumbukumbu ya barua anayoijibu ikiwa ipo.

Anwani ya mwandikiwa hutaja cheo, si jina. Mkurugenzi anaweza kuhamishwa barua ikiwa bado njiani, na barua yenye jina lake huonekana kuwa yake binafsi, ikasubiri bila kufunguliwa. Chini ya anwani hiyo kuna K.K., kupitia kwa. Mtumishi wa chini hamrukii mkubwa wake. Barua hufika kwanza kwa Afisa Elimu Kata, naye huandika maoni yake mafupi, husaini, huweka tarehe na muhuri pembeni ya anwani yake, ndipo ipande juu. Kuandika K.K. kisha kuipeleka barua moja kwa moja hakusaidii kitu: nafasi ya muhuri inaonekana iko tupu, na barua hurudishwa ikapite inakostahili.

Kichwa cha habari huandikwa kwa herufi kubwa, hupigwa mstari au kukolezwa wino, na hakiwekewi nukta mwishoni. Tanzania tumezoea YAH, au KUH. Kenya utakuta KUH na pia MINT, yaani mintarafu. Kilicho muhimu zaidi ni kibebe jambo moja, tena kwa ukamilifu. "YAH: MAOMBI" hakiniambii chochote. Na kama mwalimu mkuu angeandika vyoo pamoja na uhamisho wa walimu katika barua moja, ningeipeleka kwenye jalada gani? Karatasi moja haikai kwenye majalada mawili. Ingewekwa la majengo, na suala la walimu lingefia humo. Mambo mawili, barua mbili.

Aya ya kwanza haiwekewi namba. Namba zinaanzia 2, ili anayejibu aweze kusema "kuhusu aya ya 2 ya barua yako". Kama hakuna barua ya kurejea, mimi napendelea mwandishi aingie kwenye jambo lenyewe kuliko ile "husika na kichwa cha habari hapo juu", ambayo inamwamuru mkubwa ahusike bila kumwambia ni kwa lipi. Barua za ofisi kwa ofisi mara nyingi hazina salamu. Raia anayeiandikia ofisi, au ofisi inayomwandikia mtu binafsi, huanza na "Ndugu".

Adabu ya mwisho hufuata ngazi. Anayepeleka ombi juu huandika "Naomba kuwasilisha". Ofisi za ngazi moja huagana kwa "Nakushukuru kwa ushirikiano wako" au "Nakutakia kazi njema". Raia na mwombaji kazi hufunga kwa "Wako mtiifu". Mkurugenzi akimwandikia mwalimu mkuu "Naomba kuwasilisha", barua inageuka kichwa chini, na mpokeaji anabaki akijiuliza kama ameagizwa au ameombwa.

Chini ya sahihi na jina huja cheo kwa herufi kubwa. Hapo pana tofauti moja ya kuiangalia sana. "Kny: MWALIMU MKUU" maana yake mwenye cheo bado anashika nafasi yake, ila mwingine amesaini kwa niaba yake. "KAIMU MWALIMU MKUU" ni mtu aliyekabidhiwa kazi za cheo hicho kwa muda. Msaidizi aliyesaini mara moja tu akajiandika kaimu amejipa mamlaka ambayo hakupewa, na barua yake ikihusu fedha, mhasibu ataomba kuona barua ya kumkaimisha.

Nakala nazo zitajwe kwa vyeo, na kila moja ipelekwe kweli. Mwenyekiti wa Kamati ya Shule aliyeorodheshwa chini ya barua asipate nakala yake atakuja masjala kuiulizia, na kwenye rejesta ya barua zinazotoka nitakuwa nimeandika barua moja tu, ya kwa Mkurugenzi.