Saa ya kifaa kuruka lisaa limoja: dhana potofu na ukweli

Meksiko walifuta saa za kiangazi, ule utaratibu wa kusogeza saa mbele lisaa limoja Aprili na kuirudisha Oktoba, mwaka 2022, sheria ikachapishwa tarehe 28 Oktoba na kuanza kazi tarehe 30, yaani siku mbili tu. Jiji la Meksiko na sehemu kubwa ya nchi zikabaki masaa 6 nyuma ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, mwaka mzima. Halafu usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 2 Aprili 2023, ilipofika saa nane usiku, vifaa vingi vya zamani vikaruka vyenyewe hadi saa tisa kana kwamba hakuna sheria iliyobadilika. Hapo ndipo watu walipoanza kuambiana mambo ambayo si kweli.

Dhana: "Saa yangu ni otomatiki, inatoka kwenye intaneti, haiwezi kukosea."

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Seva ya saa haijui uko wapi wala haijali, inakupa UTC basi. Kugeuza hiyo UTC iwe saa ya ukutani ni kazi ya kifaa chenyewe, kinaangalia faili lake la kanuni za ukanda wa saa, linaitwa tzdata kwenye mifumo mingi. Usiku ule seva ilisema 08:00 kwa kila mtu. Kifaa chenye faili jipya (toleo 2022f na kuendelea) kikatoa 6 kikaonyesha 02:00, cha zamani kikasoma "Jumapili ya kwanza ya Aprili, saa za kiangazi", kikatoa 5 kikaonyesha 03:00. UTC ileile, majibu mawili. Na simu nyingi za kabla ya Android 10 faili hilo limo ndani ya mfumo wenyewe, kwa hiyo mtengenezaji akiacha kutoa apdeti na kanuni nazo zinaganda hapo hapo.

Dhana: "Betri ya saa imekufa."

Angalia dakika. Zikiwa sawa kabisa na saa imezidi lisaa limoja kamili, hiyo ni kanuni iliyopitwa na wakati, betri ikifa mara nyingi unakuta tarehe imerudi miaka nyuma. Kwenye Linux unahakikisha hivi:

```
zdump -v America/Mexico_City | grep 2023
```

Ikitokea mistari ya Aprili na Oktoba, faili ni la zamani. Isipotokea kitu, uko sawa.

Dhana: "Ilijirekebisha yenyewe."

Haikujirekebisha. Oktoba 2022 hakuna aliyeona shida kwa sababu saa ilikuwa inarudi nyuma vilevile, kanuni ya zamani na mpya zilikubaliana, kosa likalala miezi mitano. Likaonekana Aprili, likajificha tena 29 Oktoba 2023, likarudi 7 Aprili 2024. Litaendelea hivyo kila mwaka mpaka faili libadilishwe.

Dhana: "Rudisha tu saa nyuma kwa mkono."

Tafadhali usifanye hivi, naona watu wanashauriana kila siku na inaumiza. Ukisogeza saa kwa mkono huku ukanda bado una kanuni mbovu, unaiharibu UTC iliyoko ndani, ambayo ndiyo kitu pekee kilichokuwa sahihi. Sasa simu iko lisaa limoja nyuma ya dunia nzima. Zile namba za tarakimu sita za kuingilia akaunti zinazobadilika kila sekunde 30 zinakataliwa, cheti cha tovuti kilichotolewa dakika chache zilizopita kinaweza kuonekana bado hakijaanza kutumika, na meseji zinapangika vibaya.

Dawa ni kuiacha saa ibaki otomatiki, uzime ukanda otomatiki, halafu uchague mahali pengine penye masaa 6 nyuma ya UTC pasipobadilisha saa, mfano Guatemala au Costa Rica. UTC inabaki salama na saa ya ukutani inakuwa sahihi. Siku kifaa kikipata apdeti unarudisha Jiji la Meksiko.

Kamera na ruta nyingi hazina faili hilo kabisa, kanuni imeandikwa kwa mstari mmoja kwenye mipangilio:

```
CST6CDT,M4.1.0,M10.5.0
```

M4.1.0 maana yake mwezi wa 4, wiki ya kwanza, siku 0 yaani Jumapili. M10.5.0 ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kama kifaa kinakuruhusu kuuhariri, futa vyote ubakize `CST6`. Hiyo 6 haina alama ya kutoa kwa sababu kwenye mtindo huu namba zinahesabiwa kuelekea magharibi, ukiandika `CST-6` utajikuta masaa 12 mbele.

Dhana: "Nimeapdeti mfumo, kila kitu kimepona."

Si lazima. Java ina nakala yake ya kanuni, na programu iliyokuwa inafanya kazi kabla ya apdeti inaweza kuwa bado imeshikilia zile za zamani kwenye memori mpaka uizime na kuiwasha. Ndiyo maana unaweza kukuta kompyuta moja, saa ya pembeni ya skrini iko sawa na programu ya ratiba imezidi lisaa limoja.