Mashine ikisikia Kiamu huandika nini?

Mtu anayesoma taarifa ya habari kwa Kiswahili sanifu, ndani ya chumba kimya, mashine ya kutambua usemi humwandika vizuri sana. Mrekebishaji hubakiwa na nukta na herufi kubwa tu. Mimi kazi yangu ni nyingine. Nanukuu mazungumzo ya mafundi wa vyombo na mabaharia wa huku Lamu, watu wa Matondoni na Shela, tena wazee wengi wao. Wakikaa kivulini wakaanza kusimulia, hawasemi sanifu, wanasema Kiamu. Huduma ninayoitumia haina chaguo la Kiamu. Ina sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya, na sw-TZ, cha Tanzania, basi, nami huchagua sw-KE.

Nianze na sauti yenyewe, kwani hapo pana machache ya kusema. Rekodi ya simu naigeuza iwe ya njia moja, sampuli 16,000 kwa sekunde, na kuikata ngurumo ya chini ambayo upepo wa kusi huiacha kwenye maiki:

```
ffmpeg -i fundi.m4a -ac 1 -ar 16000 -af highpass=f=80 fundi.flac
```

FLAC hubana faili bila kupoteza chochote cha sauti. Lakini ukiletewa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, jua kwamba umeshabanwa huko ulikotoka, na kuugeuza FLAC hakurudishi kilichopotea. Omba faili la kwanza. Mlio wa punda na mashine ya boti havinisumbui sana, maana huja na kupita. Kinachoharibu ni watu wawili kusema kwa pamoja, na kwa hilo hakuna amri ya kuliondoa.

Sasa tuje kwenye maandishi. Fundi mmoja alisema hivi, nami nimeiandika kama ilivyotoka kinywani mwake:

"Yana tukenda Matondoni, mayi yamekupwa, chombo kiko tini mtangani, wana wakateka."

Mashine ikarudisha hivi:

"Yana tukienda Matondoni maji yamekupwa chombo kiko tini mtandaoni wanawake wateka."

Kwa asiyeijua Kiamu: jana tulikwenda Matondoni, maji yamekupwa, chombo kiko chini mchangani, watoto wakacheka. Penye j ya sanifu Kiamu mara nyingi husema y, na penye ch husema t, japo si kila mahali: chombo ni chombo kote.

Tuhesabu. Maneno aliyosema ni 11, na yaliyobadilika ni matano: tukenda, mayi, mtangani, wana na wakateka. Kipimo cha kawaida ni kujumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyozidishwa, kisha kugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Tano kwa kumi na moja ni kama asilimia 45. Idadi hiyo ni sahihi, ila haikwambii ni kosa gani litakalokuponza.

"Maji" mahali pa "mayi" halina madhara ya maana. Mashine imefundishwa sanifu, ikavuta neno upande wake. "Mtandaoni" nalo ni kichekesho, chombo cha mbao kiko mtandaoni, na hata mtu anayesoma kwa haraka atasimama hapo. Makosa ya namna hii hujitangaza yenyewe.

La kuogopa ni "wanawake wateka". Lisome tena pamoja na yale maji yaliyotangulia. Wanawake wanateka maji! Sentensi imetulia, ina maana, hata picha unaiona, na hakuna mwanamke yeyote aliyetajwa. Silabi karibu zilezile za "wana wakateka" zimekatwa mahali pengine tu. Mashine haichagui kwa sauti peke yake. Hupima pia ni maneno gani yana mazoea ya kufuatana, na katika maandishi iliyofundishwa nayo, "wanawake" limejaa tele. Ndiyo maana sisahihishi kwa kusoma. Nasikiliza kipande kwanza nikiwa nimeyaficha maandishi, natamka nilichosikia, ndipo nafunua. Ukisoma kwanza, sikio hulifuata jicho, na utasikia wanawake pale hata ukirudia mara ngapi.

La pili ni "tukienda". Fundi alisema "tukenda", yaani tukaenda, tukafika. Mashine imetia i, na safari iliyokwisha imekuwa safari ambayo ingali njiani: tukienda. Tofauti nzima iko kwenye irabu moja katikati ya kitenzi. Kiswahili hubebesha kitenzi kimoja mtenda, wakati na ukanushi, na viungo hivyo ni vifupi, visivyotiwa mkazo, kwa hiyo ndivyo vinavyomezwa kwanza mtu akisema upesi. Kwa sababu hiyo napitia maandishi yote mara moja zaidi kwa ajili ya vitenzi tu, nikitazama -ka-, -ki- na -li-, na zaidi ya hivyo ukanushi. "Alikuja" na "hakuja" katika rekodi yenye upepo hukaribiana kuliko unavyodhani, na kwenye hesabu ya asilimia hilo ni kosa moja tu, sawa na "maji" na "mayi".

Kuna na maneno mawili ambayo kipimo kimeyahesabu kuwa sahihi, nayo ni "yana" na "tini". Mashine imeyaandika kama yalivyosemwa. Ila msomaji wa bara atadhani "yana" ni la "maji yana chumvi", na "tini" ni lile tunda. Usije ukaona njia ya mkato hapo ukabadilisha kila "yana" kuwa "jana" kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha, kwa maana utaambiwa maji jana chumvi. Mimi naandika safu mbili katika programu ya ELAN, ambayo ni ya bure na huifunga kila safu kwenye muda wa sauti: juu Kiamu kama kilivyosemwa, chini sanifu. Mwenye kutafiti lahaja atachukua ya juu, mwandishi wa gazeti atachukua ya chini. Kusanifisha ni kazi, na aifanye mtu anayejua anachokiacha.

Huduma nyingi hukuruhusu kuipa mashine orodha ya maneno ya kutarajia. Hapo natia msamiati wa chombo, kama foromali, kalafati, mkuku na deheni, pamoja na majina ya mahali. Msaada wake ni mkubwa kwa maneno marefu yasiyofanana na mengine. Maneno mafupi ya Kiamu, kama yuu au moya, siyatii, kwani mashine ikishaambiwa iyatarajie huanza kuyasikia hata yasipotamkwa. Ukiona neno la orodha yako limejitokeza mahali fundi alipokohoa tu, uzito ulioupa umezidi, upunguze.

Vivyo hivyo kwa kimya. Baadhi ya mifumo haikubali kukaa bure, hivyo fundi akinyamaza, hujaza pengo kwa sentensi nzima au hurudia ile ya mwisho. Tazama muda: maneno mengi yakiwa juu ya mstari wa sauti uliolala, futa.

Nisipolisikia neno hata baada ya kupunguza kasi hadi robo tatu, siandiki ninachokisia. Natia alama na muda, hivi: [haisikiki 14:32]. Alama hizo nazikusanya, nakata vipande vya sauti vya sekunde chache, kisha nampelekea fundi mwenyewe au mwanawe asikilize. Kipande kifupi mtu hukijibu palepale. Ukimpa saa nzima ya rekodi, atakwambia atasikiliza kesho.