Miaka ya Kiti cha Abiria Haijibu Swali la Taa ya Njano

Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Limebakiza mita 35 kufika kwenye mstari wa kusimama, taa ya kijani inazimika na ya njano inawaka. Barabara ni kavu na hakuna gari linalolifuata kwa karibu. Dereva afanye nini?

Hili ni swali la kawaida la mtihani wa nadharia, na watu wanaolikosa kwa kujiamini zaidi ni wale waliopanda magari maisha yao yote. Hujibu bila kusita: aongeze mwendo apite kabla taa nyekundu haijawaka. Ukiwauliza wameipata wapi kanuni hiyo, watakwambia ndivyo madereva wanavyofanya. Na hawasemi uongo. Wameona madereva wengi wakikanyaga mafuta mbele ya taa ya njano, wakafika salama, na jambo unaloliona kila siku bila madhara hugeuka sheria kichwani bila mtu kujua.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani, ambao nchi nyingi zimeufuata katika sheria zao, unasema kinyume. Taa ya njano inayofuata ya kijani inamtaka dereva asivuke mstari, isipokuwa kama ilimwakia akiwa karibu mno kiasi kwamba hawezi kusimama kwa usalama. Zipo nchi zenye masharti tofauti kidogo, kwa hiyo neno la mwisho ni la kitabu cha mwongozo cha mahali unapofanyia mtihani. Lakini penye kanuni hiyo, swali linabaki moja: mita 35 ni karibu mno au si karibu mno?

Abiria hana njia ya kujua, kwa sababu hajawahi kulazimika kulijibu. Twende nalo polepole. Kilomita 50 kwa saa ni takriban mita 14 kwa sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja kuona taa, kuamua na kufikisha mguu kwenye breki, na katika sekunde hiyo gari limeshakwenda mita 14 kwa mwendo uleule. Kisha breki zinaanza kazi. Kwenye lami kavu, matairi yakiwa mazuri na breki ikikanyagwa kwa nguvu, zinahitajika mita nyingine 14 hivi. Jumla ni mita 28. Dereva wetu ana 35, basi anaweza kusimama, na jibu sahihi ni kusimama.

Sasa lowesha barabara. Umbali wa kuwaza haubadiliki, lakini ule wa breki unaweza kufika karibu maradufu: 14 za kuwaza na 28 za breki ni 42. Mita 35 hazitoshi tena. Swali lilelile, taa ileile, jibu limegeuka kwa sababu ya neno moja tu katika maelezo. Lakini rudi nyuma kidogo uone kitabu kinakusudia nini kinapomtaka dereva apunguze mwendo wakati wa mvua. Kama angekuwa kwenye kilomita 40 kwa saa, angehitaji mita 11 za kuwaza na kama 18 za breki, jumla 29. Angesimama kabla ya mstari hata kwenye maji.

Tarakimu za kitabu chako zinaweza kutofautiana kidogo na hizi, kwa kuwa watungaji hukadiria muda wa kuwaza na nguvu ya breki kwa namna yao. Mtihanini tumia za kitabu. Jambo moja halitofautiani: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kuwaza huongezeka mara mbili, ila wa breki huongezeka mara nne. Kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, zile mita 28 zinakuwa kama 84. Watu wanaotegemea uzoefu hukadiria karibu 56, kwa kuwa wanazidisha kila kitu kwa mbili. Ukiwa umekaa tu, mwili hauna kipimo cha kukupa hesabu hiyo. Gari likipunguza mwendo taratibu, kilomita 100 na 80 huhisiwa karibu sawa.

Tatizo la pili ni alama ambazo abiria anazijua kwa sura tu. Alama ya kusimama yenye pembe nane, na ile ya pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini inayokutaka upishe, wengi huziona ni kitu kimoja: punguza, chungulia, endelea. Sivyo. Kwenye pembe nane magurudumu lazima yasimame kabisa, hata kama barabara ni tupu pande zote. Kwenye pembetatu unasimama ikiwa kuna wa kumpisha. Kama hakuna, unaweza kupita. Dereva anayepita pembe nane akitambaa amekosa, ila abiria wake hakuhisi kosa lolote, na atakuja kulichagua kosa hilohilo kwenye karatasi ya mtihani. Maumbo hayo mawili, kwa njia, hayakuchaguliwa kwa urembo: yanatofautiana na mengine ili alama itambulike hata ikiwa imejaa tope, au ikitazamwa kwa nyuma na dereva wa barabara nyingine.

Mwaka 2002 wanasaikolojia Leonid Rozenblit na Frank Keil walichapisha utafiti kuhusu watu kuhukumu uelewa wao wa vitu vya kila siku, kama vile zipu. Walipotakiwa kueleza hatua kwa hatua jinsi kitu kinavyofanya kazi, walijishusha alama walizojipa mwanzoni. Unaweza kujipima hivyo kabla ya kufungua kitabu. Chukua karatasi, chora njia panda isiyo na taa wala alama, weka magari matatu, moja likinyoosha, moja likikata kulia na moja kushoto, kisha andika nani anapita kwanza, nani wa mwisho, na kwa kanuni ipi. Usiandike “anayewahi”. Ukikwama, au ukigundua unaandika kile ambacho dereva fulani hufanya, fungua sura ya kupishana njia panda na uanzie hapo. Kusoma kitabu kizima kuanzia ukurasa wa kwanza kunachosha, na mwenye kujiamini huacha njiani kwa kuwa kurasa za mwanzo humpa mambo anayoyajua.

Yale yasiyoonekana kabisa kutoka kiti cha abiria, kama kiwango cha pombe kinachoruhusiwa, umbali wa kuegesha gari kutoka njia panda na masharti ya leseni ya mwanafunzi, hayana njia ya mkato. Hayo hukaririwa.

Ukishasoma, safari zako za kawaida zinaanza kuwa na faida. Gari la mbele likipita nguzo, anza saa ya simu, na uisimamishe gari lenu linapofika nguzo hiyohiyo. Vitabu vingi vinataka angalau sekunde 2 kwenye barabara kavu, na 4 kwenye mvua. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde 2 ni zile mita 28 tulizozihesabu. Fanya hivyo mara chache, bila kumsumbua dereva, uone ni wangapi wanaofikisha.