Alama ya asilimia si amri ya kuchora duara

Nimeshaisikia mara nyingi mno, na wiki hii nimeisikia tena: "Data yangu ni asilimia, kwa hiyo naweka chati ya duara." Hapana. Asilimia inaweza kwenda kwenye duara, kwenye nguzo au kwenye mstari, na alama yenyewe haikuambii iende wapi. Kinachoamua ni swali moja: hizi namba, ukizijumlisha, zinatengeneza kitu kizima ambacho msomaji anakijua?

Tuchukue madarasa manne yaliyofanya mtihani mmoja. Ufaulu wa Darasa A ni 78%, B ni 64%, C ni 81% na D ni 72%. Jumlisha: 295%. Asilimia 295 ya nini? Ya hakuna kitu. Kila namba hapo imetokana na jumla yake yenyewe, yaani wanafunzi wa darasa hilo tu, kwa hiyo haziwezi kuwa vipande vya duara moja.

Ubaya ni kwamba Excel haitakukataza. Utachagua seli, utabofya duara, na duara litatokea la rangi nne, safi kabisa. Kilichofanyika ndani ni kwamba kila thamani imegawanywa kwa 295. Ukiweka lebo za Percentage, Darasa A litaandikwa 26%, B 22%, C 27% na D 24%. Hapo ufaulu wenyewe umeshapotea. Msomaji anaona 26% na anadhani Darasa A limefeli vibaya, tena akijumlisha anapata 99 kwa sababu ya kukadiria desimali. Mjanja atabadilisha lebo ziwe Value, na sasa kipande ambacho ni robo ya duara kinaandikwa 78%. Namba ni sahihi, lakini picha inasema kitu kingine kabisa. Hii ya pili inanikera zaidi kwa sababu hupita kwenye ripoti bila mtu kushtuka.

Data ya namna hii ni ya nguzo. Kila darasa lina kiwango chake, na unachotaka ni kulinganisha urefu. Basi.

Sasa duara ni la lini? Tubaki na madarasa yaleyale, ila tuongeze idadi ya wanafunzi. Darasa A lina wanafunzi 50, B 25, C 100 na D 25. Waliofeli ni 11 kutoka A, 9 kutoka B, 19 kutoka C na 7 kutoka D. Jumla ni 46. Hawa 46 ni kitu kizima. Kila aliyefeli yumo kwenye darasa moja tu, hakuna aliyehesabiwa mara mbili, hakuna aliyeachwa. Swali likiwa "waliofeli wametoka wapi?", duara linajibu: C 41%, A 24%, B 20%, D 15%.

Tazama kilichotokea. Darasa C ndilo lenye ufaulu wa juu kuliko yote, na hapohapo ndilo lililotoa sehemu kubwa ya waliofeli, kwa kuwa lina watu wengi. Chati ya nguzo ya ufaulu inampongeza mwalimu wa C. Duara la waliofeli linamwita ofisini. Zote mbili ni za kweli. Ndiyo maana sipendi kuulizwa "hii data iende chati gani?" Niambie kwanza unauliza nini, maana data ileile ina majibu mawili.

Mtego wa jirani na huu ni dodoso lenye maelekezo ya "chagua yote yanayokuhusu". Mtu mmoja ameweka tiki tatu, mwingine moja, na asilimia zikijumlishwa zinavuka 100. Watu huzipeleka kwenye duara kila siku. Hizo ni nguzo, tena nguzo za kulala kama majibu ni marefu, ili maandishi yasipinde.

Hata pale duara linaporuhusiwa, lina udhaifu wake. Jicho linapima urefu kutoka mstari mmoja wa chini vizuri kuliko linavyopima pembe. Watafiti Cleveland na McGill walilionyesha hilo kwa majaribio mwaka 1984. Kwenye duara la waliofeli, utaona haraka kwamba C imekaribia nusu, lakini bila lebo hutajua kwa uhakika kama A imeizidi B. Kama hoja yako ni kwamba A imeizidi B, chora nguzo za 11, 9, 19 na 7. Kama hoja ni "C peke yake ni karibu nusu ya tatizo", duara linafaa, na hapa sikubaliani na wenzangu wanaotaka lifutwe kabisa. Nusu na robo jicho linazitambua vizuri tu. Vipande vikizidi vitano hivi, mimi huliacha. Hiyo tano si sheria, ni uvumilivu wangu.

Haya, kuingiza. Weka majina ya madarasa A2 hadi A5, ufaulu B2 hadi B5, na vichwa kwenye A1 na B1. Chagua A1:B5, nenda Insert, kwenye kundi la Charts bofya Insert Column or Bar Chart, kisha Clustered Column iliyo chini ya 2-D Column. Usiguse za 3-D. Kwa duara la waliofeli, chagua majina na idadi, kisha Insert Pie or Doughnut Chart. Mpe duara idadi zenyewe, 11, 9, 19 na 7. Asilimia litazitafuta lenyewe.

Usichague seli ya jumla. Ukiifagia pamoja na nyingine, duara litaihesabu ile 46 kama darasa la tano, na kipande kimoja kitakuwa nusu kamili. Ukiona duara lina nusu iliyokatwa sawasawa katikati, angalia uteuzi wako kabla ya kufurahia ugunduzi. Na kama kuna thamani hasi, Excel huichora kama chanya bila kukuambia.

Nguzo nazo zina shida yao, na hii nitaisema polepole. Nguzo lazima ianzie sifuri, kwa sababu urefu wake ndio ujumbe. Excel ikiachiwa iamue yenyewe, huanzia sifuri pale tu tofauti kati ya thamani kubwa na ndogo inapozidi takriban moja ya sita ya ile kubwa. Kwenye mfano wetu tofauti ya 81 na 64 ni 17, imevuka, kwa hiyo uko salama. Lakini Darasa B likipata 74 badala ya 64, ndogo inakuwa 72 na tofauti inashuka hadi 9. Hapo mhimili unapandishwa. Tuseme umeanzia 66%: nguzo ya 81 inabaki na urefu wa hatua 15 na ya 72 hatua 6. Darasa D linaonekana halifiki hata nusu ya C, wakati wamepishana pointi 9. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Ni mpangilio wa kuanzia tu.

Dawa: bofya mara mbili kwenye namba za mhimili wa wima, na chini ya Bounds andika 0 kwenye Minimum. Kwenye Maximum andika 1, si 100. Kwa Excel asilimia mia ni 1, na ukiandika 100 mhimili utafika 10000% na nguzo zako zitalala chini kama mikeka.

Mstari ni kwa ajili ya muda. Ufaulu wa Darasa C kuanzia 2019 hadi 2023 ni mstari, ingawa ni asilimia vilevile. Madarasa manne ya mwaka mmoja si mstari, kwa sababu kati ya A na B hakuna kitu cha kupita. Ukiwaunganisha unachora mteremko usiokuwepo, na ukipanga madarasa upya mteremko unageuka mlima.

Unapoingiza mstari wa miaka, kuna kosa moja linalojirudia. Umeandika "Mwaka" A1, miaka chini yake kama namba, ufaulu pembeni. Unabofya Insert Line or Area Chart na inatokea mistari miwili: mmoja uko juu kwenye 2000 na kitu, mwingine umelala kwenye sifuri. Huo wa juu ni miaka yenyewe, Excel imeidhani ni data. Futa neno lililo kwenye A1 kabla ya kuingiza chati, na miaka itakwenda chini inapostahili. Kama chati umeshaiweka, bofya juu yake kwa kitufe cha kulia, Select Data, ondoa "Mwaka" upande wa kushoto kwa Remove, kisha upande wa kulia bofya Edit na uchague A2:A6.

Mwaka ambao mtihani haukufanyika usiuruke. Ukiufuta, miaka inayobaki itapangwa kwa nafasi sawa kana kwamba hakuna kilichokosekana. Weka mwaka, acha seli ya ufaulu tupu, na mstari utakatika hapo. Usiandike 0; sifuri maana yake wote wamefeli. Kama ufaulu unatoka kwenye fomula, kurudisha "" hakusaidii, kwa sababu kwa chati hayo ni maandishi na yatachorwa kama sifuri. Tuseme waliofaulu wako safu ya C na waliofanya mtihani safu ya D:

```
=IF(D4="",NA(),C4/D4)
```

Seli itaonyesha #N/A, haipendezi, lakini mstari hautaporomoka.

Je, mstari nao lazima uanzie sifuri? Hapa sina jibu moja. Mstari unasomwa kwa mteremko, kwa hiyo kuanzia 60% kunaweza kuwa halali, hasa kama badiliko la pointi tatu lina maana kwenye kazi yako. Lakini mteremko nao unaweza kukuzwa hadi utishe. Mimi hukata mhimili pale tu ninapoandika kwenye kichwa cha chati kwamba haukuanzia sifuri, na bado kuna watu hawasomi kichwa.

Kisa kingine kinachonisumbua ni miaka miwili tu, mfano 2022 na 2023, kwa madarasa yote manne. Ni muda, kwa hiyo mstari. Lakini ni nukta mbili, kwa hiyo nguzo. Nguzo za pacha zinaonyesha kiwango vizuri zaidi. Mistari minne yenye ncha mbili inaonyesha nani kapanda na nani kashuka, na ikikatizana inaonekana hapohapo. Ili kuipata, ingiza chati ya mstari kisha kwenye Chart Design bofya Switch Row/Column, kwa sababu madarasa yakiwa mengi kuliko miaka, Excel huyaweka kwenye mhimili wa chini na kukupa mistari miwili inayoruka kutoka darasa hadi darasa.